Mpinge mjomba, usimvunjie heshima



*Mimi ni kijana wa Kilwa Kisiwani, kazi yangu kutembeza wageni kwenye magofu. Ukoo wetu unaandaa kijitabu cha historia ya familia, kigawiwe siku ya arusi ya dada yetu. Mjomba wangu anayekaa Dar es Salaam ameandika ukurasa wa kwanza akatutumia ndugu wote tutoe maoni. Ameandika hivi: "Kilwa ilijengwa na Washirazi waliotoka Uajemi. Waliowakuta kisiwani hawakuwa na lolote. Vijana wanaotembeza wageni siku hizi wanasema vingine kwa ajili ya bakshishi."*

*Nimekasirika, Shangazi. Nimeandika jibu, lakini mama kanizuia nisilitume mpaka nipate mtu wa kulisoma. Jibu lenyewe ni hili:*

*"Mjomba, kama hujui historia bora unyamaze. Kila mtu anajua habari ya Washirazi ni uongo mtupu, imetungwa na watu wanaoona haya kuwa Waafrika. Hakuna Mshirazi aliyewahi kukanyaga hapa. Wewe umekaa Dar miaka yote, unajua nini cha Kisiwani? Na sisi si waongo, tunafanya kazi ya halali."*

*Sitaki kumkosea adabu, ila sitaki pia kunyamaza kitabu kikapigwa chapa na kosa. Nifanyeje?*

*Mtembeza wageni, Kilwa Kisiwani*

Mwanangu, mama yako kafanya vyema kukuzuia, nawe umefanya vyema kutonyamaza. Ukurasa ule utasomwa na watoto ambao bado hawajazaliwa, basi inafaa upingwe mapema. Tulichukue jibu lako tulipitie sentensi moja moja, maana ndani yake kuna hoja nzuri iliyofunikwa na hasira.

Anza na kazi ndogo. Chukua kalamu upige mstari chini ya kila kitenzi kinachomtaja mjomba: hujui, unyamaze, umekaa, unajua. Kwa kila kimoja jiulize: je, hiki kinaeleza alichoandika, au kinaeleza yeye ni mtu wa namna gani? Vyote vinne vinamhusu yeye. Hakuna hata kimoja kinachogusa ukurasa wake. Mjomba akisoma hapo atajitetea yeye na umri wake, na Kilwa mtakuwa mmeiacha nyuma. Vifute vyote. Kitenzi kitakachobaki kiwe kama "umeandika" au "umesema", kwa sababu hicho kinarudi kwenye maneno yaliyo mbele yenu wote, ambayo kila mmoja anaweza kuyakagua.

Sasa tazama "kila mtu anajua". Mjomba hajui hivyo, na ndugu waliopokea ukurasa wake huenda nao hawajui, kwa hiyo sentensi yako imekwisha kukanushwa kabla hawajaimaliza. Panapokaa maneno hayo weka ushahidi mmoja. Na hayo ya watu wanaoona haya kuwa Waafrika yaondoe kabisa. Unadai kujua yaliyo moyoni mwa watu, jambo ambalo huwezi kulithibitisha, na mjomba atahisi umemhesabu miongoni mwao.

Lililo baya zaidi ni "hakuna Mshirazi aliyewahi kukanyaga hapa". Hapo umempa mjomba ushindi wa bure. Mwaka 2023 ulitoka utafiti wa vinasaba vya mifupa ya watu wa kale wa pwani yetu, ikiwamo ya Kilwa. Ulionyesha kwamba kuanzia yapata mwaka 1000 watu kutoka Asia, wengi wao Waajemi, walichanganyika na watu wa hapa. Kwa jumla upande wa kiume ndio uliotoka huko, na upande wa kike ulikuwa wa Kiafrika. Basi katika maneno ya mjomba pana sehemu ya kweli. Ukiikubali sehemu hiyo wazi wazi, huna ulichopoteza, na yeye atakuwa tayari kuisikiliza sehemu unayoikataa. Ukiipinga yote, atakuonyesha kosa lako moja na watu watadhani hata lililo sahihi limeanguka nalo.

Unachokikataa hasa ni sentensi yake ya pili, kwamba waliokuwapo kisiwani hawakuwa na lolote. Weka nguvu zako hapo peke yake. Na katika kuchagua ushahidi, anza na shahidi ambaye mjomba mwenyewe anamheshimu. Habari ya Washirazi kaitoa kwenye tarehe ya kale ya Kilwa, ile iliyoandikwa kwa Kiarabu katika karne ya 16. Tarehe hiyo hiyo inasimulia kwamba wageni walipofika walimkuta Mwislamu akikaa kisiwani na watoto wake, akiitwa Muriri wa Bari, na palikuwa na msikiti uitwao Kibala. Inasimulia pia kwamba kisiwa kilikuwa na mtawala wake, na kiongozi wa wageni hao alikinunua kwake kwa nguo za kukizunguka chote. Mtu hanunui kisiwa kwa asiye na lolote. Kwa hiyo unampinga mjomba kwa kitabu anachokitegemea, na si kwa kitabu chako dhidi ya chake.

Shahidi wa pili ni ardhi yenyewe. Neville Chittick, aliyechimba Kisiwani miaka ya 1960 na kuchapisha matokeo yake mwaka 1974, alikuta chini ya majengo ya mawe matabaka ya makazi ya zamani zaidi, ya nyumba za miti na udongo, vyungu vya kienyeji na dalili za kuyeyusha chuma, yanayorudi hadi karne ya 9 hivi. Ishia hapo. Najua una mengi ya kusema juu ya Husuni Kubwa, sarafu na safari ya Ibn Battuta ya mwaka 1331, kwa kuwa ndiyo unayowaeleza wageni kila siku. Lakini ushahidi ukizidi, jibu linageuka darasa, na mtu mzima hapendi kufundishwa na mpwa wake mbele ya ukoo.

Limebaki neno la bakshishi. Hilo limekuumiza na una haki ya kulisema, kwa sababu utulivu si kumeza tusi. Ila litenge. Habari za ukurasa zijibu mbele ya wote, kwa kuwa wote watakibeba kijitabu. Hilo la bakshishi mwandikie mjomba peke yake, kwa sentensi mbili tu: "Mjomba, neno la bakshishi limeniumiza, kwa kuwa kutembeza wageni ndiyo kazi inayonipatia riziki. Nakuomba uliondoe." Akisemwa mbele ya watu atalishikilia; akiombwa faragha anaweza kulifuta bila mtu kujua aliombwa.

Kabla hujaandika upya, nikuonye na shimo la upande wa pili. Wengi wakiambiwa wawe na adabu huandika hivi: "Samahani sana mjomba, mimi mtoto tu, huenda nimekosea, kila mtu na mtazamo wake, ila nilikuwa nafikiri labda..." Hapo mjomba hatajua kama unakubali au unakataa, na ukurasa utachapwa ulivyo. Heshima iwe kwenye salamu, kwenye namna ulivyomwelewa, na kwenye kumpa nafasi ya kujibu. Sentensi ya kupinga yenyewe iwe fupi na iseme kipi hasa unachokikataa.

Mimi ningeandika hivi:

"Shikamoo mjomba. Ahsante kwa kutuanzishia kazi hii.

Nilivyoelewa, umeandika mambo mawili: kwamba Washirazi walitoka Uajemi wakaijenga Kilwa, na kwamba waliowakuta hawakuwa na lolote. Kama sikuelewa vizuri, nisahihishe.

La kwanza lina ukweli ndani yake. Utafiti wa mifupa ya kale uliotoka mwaka 2023 umeonyesha kuwa watu wa Uajemi walikuja pwani hii na kuoana na wenyeji.

La pili sikubaliani nalo. Tarehe ya Kilwa inasema wageni walimkuta Muriri wa Bari na watoto wake, pamoja na msikiti, na kwamba kisiwa kilinunuliwa kwa mtawala wake. Chittick naye alipochimba alikuta makazi ya zamani kuliko majengo ya mawe, na dalili za kuyeyusha chuma.

Naomba sentensi ya pili isomeke hivi: 'Wageni hao waliwakuta wenyeji wa kisiwa, wakaoana nao, na kutokana na wote hao ikajengwa Kilwa ya mawe.'

Kama una ushahidi kwamba wenyeji hawakuwa na lolote, naomba utuonyeshe kabla kijitabu hakijaenda kupigwa chapa."

Linganisha na jibu lako la kwanza. Hili linapinga zaidi, kwa sababu lile lilimkataa mjomba bila kusema sentensi gani ibadilishwe. Hili limemwekea maneno ya kuandika, na hiyo ndiyo sehemu ambayo watu wengi huisahau: ukimwambia mtu amekosea bila kumpa badala, umemwachia njia mbili tu, kung'ang'ania au kuaibika. Ukimpa sentensi, anaweza kuichukua, akairekebisha kidogo, ikawa yake. Tazama pia kwamba sikuandika "wenyeji peke yao ndio walioijenga". Ushahidi wako haufiki huko, na ukivuka mpaka wake utarudi kwenye kosa la "hakuna Mshirazi".

Jibu likishakamilika, lisome kwa sauti mbele ya mama yako, naye akae mahali pa kaka yake. Usimuulize kama limependeza. Muulize mambo mawili: "Umeelewa ninapinga nini?" na "Kuna mahali umejisikia kutukanwa?" La kwanza likijibiwa hapana, sentensi yako ya kupinga imefichika, ikaze. La pili likijibiwa ndiyo, akuonyeshe neno lenyewe ulitoe.

Mjomba akijibu kwa ukali, usijibu ukali huo, wala usiongeze hoja mpya. Rudia ombi moja tu: ushahidi wa sentensi ya pili ni upi? Akileta ushahidi wa kweli, ukubali mbele ya wote kama ulivyopinga mbele ya wote. Asipoleta na bado akakataa, pendekeza kijitabu kiandike kauli zote mbili, kila moja na chanzo chake, ili watoto wa ukoo wasome wenyewe. Na kama hata hilo litakataliwa, waombe wazee wa ukoo waamue kabla ya siku ya kuchapa, jibu lako likiwa mikononi mwao. Hapo utakuwa umesema ulilotaka kusema, na siku ya arusi utaweza kumpa mjomba mkono bila deni la neno baya.