Mtihani Uliovuja: Namna ya Kupima Kielelezo cha Kubashiri Matokeo ya Kandanda

Mwalimu anayetaka kujua kama wanafunzi wake wameelewa somo huwapa maswali ambayo hawajapata kuyaona. Mtihani ukivuja, alama hupanda, lakini alama hizo hazimwambii mwalimu jambo lolote la kweli. Ajali ya namna hiyo humpata pia mtu anayetunga kielelezo cha hesabu cha kubashiri matokeo ya kandanda, kisha akakipima kwa mechi zilizokwisha kuchezwa. Tofauti ni kwamba hapa hakuna mwizi wa karatasi. Mtungaji mwenyewe ndiye anayeuvujisha mtihani wake, na mara nyingi hana habari.

Hasara yake si ya darasani tu. Kijana aliyeona katika daftari lake kwamba kielelezo kilibashiri vizuri msimu mzima huweza kukiamini kwa fedha zake. Hugundua kosa wakati mechi zinazobashiriwa ni za Jumamosi ijayo, ambazo matokeo yake hayawezi kuvuja kwa sababu bado hayajakuwako.

Kielelezo chenyewe

Mwaka 1982 mtakwimu M. J. Maher alionyesha kwamba idadi ya mabao ya timu katika mechi yaweza kuelezwa vizuri kiasi kwa kanuni ya uwezekano iitwayo kanuni ya Poisson, mradi kila timu ipewe kipimo cha nguvu ya ushambuliaji na kipimo cha ulinzi. Hapa itatumika sura nyepesi ya wazo hilo. Mabao yanayotarajiwa ya timu A dhidi ya timu B hupatikana kwa kuzidisha wastani wa mabao ambayo A hufunga kwa wastani wa mabao ambayo B hufungwa, kisha kugawanya kwa wastani wa mabao ya timu moja kwa mechi katika ligi nzima. Faida ya kucheza nyumbani itaachwa kando ili hesabu isiwe ndefu.

Baada ya kupata mabao yanayotarajiwa ya kila upande, kanuni ya Poisson hutoa uwezekano wa kufunga mabao 0, 1, 2 na kuendelea. Kutoka hapo hujumlishwa uwezekano wa matokeo matatu: ushindi wa mwenyeji, sare, na ushindi wa mgeni.

Mechi moja, wanafunzi wawili

Tuchukue mechi ya Ligi Kuu ya Uingereza ya tarehe 26 Septemba 2015, ambapo Leicester City walikuwa wenyeji wa Arsenal. Arsenal walishinda mabao 5 kwa 2. Wanafunzi wawili wanataka kukipima kielelezo kwa mechi hiyo.

Mwanafunzi wa kwanza anafungua jedwali la mwisho wa msimu wa 2015/16. Anakuta Leicester, walioibuka mabingwa, walifunga mabao 68 na kufungwa 36 katika mechi 38. Arsenal walifunga 65 na kufungwa 36. Ligi nzima ilikuwa na mabao 1,026 katika mechi 380, yaani 1.35 kwa kila timu kwa mechi. Hesabu yake inatoa mabao 1.26 kwa Leicester na 1.20 kwa Arsenal.

Mwanafunzi wa pili anajiuliza kwanza swali moja: asubuhi ya tarehe 26 Septemba, ni nini kilichokuwa kimejulikana? Kila timu ilikuwa imecheza mechi 6. Leicester walikuwa wamefunga mabao 13 na kufungwa 9. Arsenal walikuwa wamefunga 5 na kufungwa 5. Kwa wastani wa ligi anatumia msimu uliokwisha, wa 2014/15, uliokuwa na mabao 975, yaani 1.28 kwa kila timu kwa mechi. Hesabu yake ni hii:

Leicester: 13/6 × 5/6 ÷ 1.28 = 1.41
Arsenal: 5/6 × 9/6 ÷ 1.28 = 0.98

Kanuni ya Poisson inawapa wanafunzi hao majibu yafuatayo:

| | Leicester kushinda | Sare | Arsenal kushinda |
|---|---|---|---|
| Wa kwanza | 0.38 | 0.27 | 0.35 |
| Wa pili | 0.47 | 0.27 | 0.26 |

Ubashiri hupimwa kwa alama iliyopendekezwa mwaka 1950 na Glenn Brier, mtaalamu wa hali ya hewa wa Marekani. Tokeo lililotukia huhesabiwa 1, na yale mengine 0. Tofauti kati ya namba hizo na uwezekano uliotajwa hupigwa kipeo cha pili na kujumlishwa. Alama ndogo ndiyo bora. Mtu asiyejua lolote, akayapa matokeo yote matatu theluthi moja moja, hupata 0.67.

Mwanafunzi wa kwanza anapata 0.38² + 0.27² + 0.65², yaani 0.64. Wa pili anapata 0.47² + 0.27² + 0.74², yaani 0.84. Kwa sura ya nje, wa kwanza amemshinda asiyejua kitu, na wa pili ameshindwa naye.

Mechi moja haithibitishi ubora wa kielelezo chochote, lakini inaonyesha alama nzuri ya mwanafunzi wa kwanza ilitoka wapi. Katika mabao 36 ambayo Leicester walifungwa msimu ule, 5 ni yaleyale ya mechi inayobashiriwa. Jibu limo ndani ya swali. Tena, mechi nyingine 31 za kila timu katika jumla yake zilichezwa baada ya siku hiyo. Mwanafunzi wa pili ameshindwa kwa haki, naye amejifunza jambo la kweli: mechi 6 ni chache mno kuipima timu.

Kutembea na kalenda

Kanuni inayozuia kosa la kwanza ni fupi: kila namba inayoingia katika ubashiri lazima iwe ilijulikana kabla ya mechi kuanza. Namna ya kuitekeleza ni kuipitia ligi siku baada ya siku, kama mtu aishiye ndani yake.

Mechi hupangwa kwa tarehe zilipochezwa hasa, wala si kwa namba ya raundi, kwa kuwa mechi huahirishwa. Manchester United na Bournemouth, kwa mfano, walipaswa kucheza tarehe 15 Mei 2016, wakacheza tarehe 17. Kwa kila siku ya mechi, wastani hukokotolewa kutokana na siku zilizotangulia tu. Mechi zote za siku hiyo hubashiriwa pamoja. Ubashiri huandikwa kwa wino. Kisha ndipo matokeo hufunguliwa na kuongezwa katika jumla. Hatua hizo hurudiwa hadi mwisho wa msimu.

Kwa sababu hiyo, desturi ya kuzichanganya mechi kama karata, robo tatu zikafundishia kielelezo na robo moja ikakipimia, haifai hapa. Chelsea walikuwa mabingwa wa 2014/15 kwa pointi 87, na msimu uliofuata wakamaliza wa 10 kwa pointi 50. Mwezi Agosti 2015 anguko hilo halikuwa limejulikana. Lakini karata zikichanganywa, kielelezo kitafundishwa kwa mechi ambayo Chelsea walishindwa mwezi Novemba, kisha kiulizwe habari za Agosti. Kitaonekana kuwa na busara isiyo yake.

Uvujaji wa kupitia mlango wa nyuma

Mwanafunzi wa pili sasa anataka kutibu uchache wa mechi 6. Njia nzuri ni kuongeza kumbukumbu ya msimu uliopita, kana kwamba timu imekwisha kucheza mechi 10 za ziada kwa wastani wake wa zamani. Leicester walifunga 46 katika mechi 38 za 2014/15, yaani 1.21 kwa mechi. Ushambuliaji wao unakuwa (13 + 10 × 1.21) ÷ 16, yaani 1.57 badala ya 2.17. Hesabu hii haivunji kanuni, kwani kila namba ilijulikana kabla ya tarehe 26 Septemba.

Lakini kwa nini 10, wala si 5 au 20? Akijaribu namba zote juu ya msimu wa 2015/16, kisha akachagua iliyotoa alama ndogo na kuitangaza alama hiyo, mtihani umevuja tena. Safari hii kilichovuja ni uamuzi uliofanywa kwa kuyatazama matokeo. Mark Dixon na Stuart Coles, katika kazi yao ya mwaka 1997, walizipa mechi za zamani uzito unaopungua kadiri siku zinavyopita. Kasi ya kupungua kwake nayo ni namba ya kuchaguliwa, na hatari yake ni ileile.

Dawa ni kugawa misimu kwa kazi zake. Misimu ya 2012/13 hadi 2014/15 itumike kuchagua namba, kila mmoja ukipitiwa kwa kalenda. Namba ikishachaguliwa, haiguswi tena. Msimu wa 2015/16 hufunguliwa mara moja tu, na alama itakayopatikana ndiyo huandikwa, iwe nzuri au mbaya. Anayeifungua mara ya pili baada ya kufanya marekebisho hana budi kutafuta msimu mwingine wa kupimia.

Kuugundua uvujaji

Lipo jaribio moja rahisi na kali. Chagua tarehe, tuseme 26 Septemba 2015. Weka kando ubashiri wa siku hiyo. Kisha haribu makusudi matokeo yote ya siku hiyo na ya siku zote zinazofuata: yaandike yote kuwa 9 kwa 0. Rudia hesabu nzima tangu mwanzo. Ubashiri wa tarehe 26 Septemba ukibadilika hata kidogo, wakati ujao umepenya mahali fulani, na pa kuutafuta ni katika kila wastani na kila jumla. Usipobadilika, mlango wa mbele umefungwa. Jaribio hili halioni mlango wa nyuma, kwa maana uamuzi wa mtungaji hauandikwi katika jedwali. Huo hulindwa kwa nidhamu tu.

Dalili nyingine ni uzuri uliopita kiasi. Bei za makampuni ya kamari zinazotolewa kabla ya mechi hukusanya habari nyingi, na kuzishinda kwa misimu kadhaa ni kazi ngumu sana. Kielelezo cha daftari kinapozishinda kwa mbali, jambo la kwanza la kushuku ni daftari.

Mazoezi

1. Endeleza hesabu ya mwanafunzi wa pili kwa kuongeza mechi 10 za kumbukumbu kwa ulinzi wa Leicester, ukijua kwamba walifungwa mabao 55 katika mechi 38 za msimu wa 2014/15.

2. Mtu anataka kulinganisha kielelezo chake na ubashiri usiobadilika unaotumia sehemu ya mechi zilizoshindwa na wenyeji, zilizotoka sare na zilizoshindwa na wageni. Akichukua sehemu hizo kutoka msimu uleule anaoupimia, amefanya kosa gani? Azitoe wapi?

3. Kusanya matokeo ya ligi ya shule kwa tarehe. Bashiri kila mechi kuanzia wiki ya tano, kisha fanya jaribio la kuharibu matokeo yanayofuata, na ueleze ulichokiona.