Nyoka, Panya na Rundo la Kuni
Kijitabu cha elimu kwa kaya za vijijini

Nyoka hahamii nyumbani kwa sababu anawatafuta watu. Anafuata mambo mawili: chakula na mahali pa kujificha. Chakula chake kikubwa karibu na makazi ni panya, na panya naye amefuata nafaka iliyomwagika, mabaki ya ugali na pumba za kuku. Rundo la kuni lililoegemezwa ukuta wa jiko linawapa wote wawili malazi. Kwa hiyo anayetaka kupunguza nyoka uani kwake aanze na panya, na anayetaka kupunguza panya aanze na marundo yanayowahifadhi.

Nyoka wawili wanatajwa hapa zaidi ya wengine kwa sababu wanapatikana karibu na makazi katika sehemu kubwa ya Afrika Mashariki. Wa kwanza ni kifutu, ambaye kwingine huitwa moma. Ni mnene, mfupi, na rangi zake zinafanana na majani makavu na magome. Akisikia mtu anakuja, mara nyingi hakimbii bali hutulia palepale, akitegemea kwamba hataonekana. Ndiyo maana watu humkanyaga au hushika kuni aliyolala chini yake. Wa pili ni swila anayetema sumu. Huyu hutembea zaidi usiku, huingia hata ndani ya nyumba akifuata panya, vifaranga na mayai, na anaweza kurusha sumu machoni mwa mtu aliye umbali wa mita mbili au zaidi. Kijitabu hiki kinaeleza jinsi ya kusafisha ua bila kuumwa na nyoka hao wakati wa usafi wenyewe, kwa kuwa hapo ndipo wengi hukosea.

Mfano wa ua mmoja

Tuchukue ua wa kawaida wa mkoa wa Singida, mwishoni mwa mvua, mwezi wa Aprili. Nyumba ni ya vyumba vitatu, jiko liko nje, na kuni zimepangwa juu ya ardhi zikiegemea ukuta wa jiko. Nyuma ya nyumba nyasi zimefika kiunoni. Kando ya banda la kuku pana jalala la maganda, majivu na mabua ya mtama, na karibu nalo yamelundikwa matofali yaliyobaki baada ya ujenzi pamoja na mabati chakavu.

Angalia rundo la kuni kwa karibu. Mama wa nyumba huchukua za juu kila siku, na kuni mpya zikija zinawekwa juu ya zilizopo. Safu ya chini kabisa haijaguswa mwaka mzima. Imeshikana na udongo, mchwa wameijengea, na kati ya vipande vyake pana mianya yenye giza na unyevunyevu. Ukichuchumaa na kumulika kwa tochi utaona njia nyembamba iliyolainishwa na miguu ya panya, mavi meusi yaliyochongoka kama punje za mchele, na huenda ukaona gamba lililovuliwa na nyoka. Safu hiyo ya chini ndiyo tatizo. Kaya inaweza kutumia kuni kila siku na bado ikafuga panya chini yake bila kujua.

Ili kujua kama shimo lililo uani lina mwenyeji, lizibe jioni kwa nyasi kavu ukitumia kijiti, kisha litazame asubuhi. Nyasi zikiwa zimesukumwa nje, kuna mnyama anayelitumia. Usiingize mkono kwa hali yoyote, maana nyoka hupenda kukaa katika mashimo yaliyochimbwa na panya.

Anza na mlango, si na kuni

Unapovunja rundo, viumbe waliomo wanatafuta maficho mengine yaliyo karibu. Kama mlango wa chumba cha kulala una mwanya wa vidole viwili kwa chini, watayapata humo. Kwa sababu hiyo kazi ya kwanza hufanyika kwenye nyumba yenyewe. Pigilia ubao au kipande cha mpira chini ya mlango, ziba matundu ya kuta kwa udongo uliochanganywa na saruji, na weka wavu wa chuma kwenye matundu ya hewa. Panya mdogo wa nyumbani hupita kwenye tundu linaloingiza kalamu, kwa hiyo usiache tundu kwa kudhani ni dogo mno.

Baada ya hapo kata nyasi, ukianzia ukutani na kwenda nje, ili wanyama wasukumwe kuelekea porini. Ukianza porini na kuja nyumbani, utawasukuma hadi barazani. Tumia fyekeo lenye mpini mrefu, vaa buti za mpira na suruali nzito. Nyasi zikibaki chini ya kifundo cha mguu katika eneo la hatua kumi kuzunguka nyumba, nyoka anayepita ataonekana. Usikwangue ardhi ikabaki tupu, maana mvua ijayo itachimba makorongo. Nyasi fupi zinatosha. Zile zilizokatwa zipelekwe kwa mifugo au shambani siku hiyo hiyo. Zikiachwa kwenye rundo nyuma ya nyumba, umehamisha maficho tu.

Kuvunja rundo la kuni

Kazi hii ifanywe na watu wazima wawili, mnamo saa nne asubuhi, jua likiwa limepanda. Alfajiri kukiwa na baridi nyoka ni mzito, hakimbii hata akisumbuliwa. Jioni mwanga unapungua na ndipo yeye anapoanza kutoka. Watoto, kuku na mbwa wawekwe mbali. Mtakaovunja rundo vaeni buti na miwani ya aina yoyote inayofunika macho, kwa ajili ya swila. Acheni upande mmoja wazi, ule unaoelekea porini, na msisimame hapo.

Gongeni rundo kwa mti mrefu kisha msubiri kidogo. Nyoka wengine wataondoka, lakini kifutu anaweza kubaki, kwa hiyo ukimya baada ya kugonga si uthibitisho kwamba hamna kitu. Teremsheni kuni moja moja kutoka juu kwa reki au mti wenye ndoano. Mkono usiingie kwenye mwanya ambao jicho halijauona. Mkifika kwenye magogo ya chini, nasa ukingo wa mbali kwa ndoano na ubinue gogo kuja upande wako. Hapo linainuka kati yako na kilichokuwa chini yake, na kilichomo kinapata njia ya kutokea upande mwingine. Mtu akilibinua kwa kulisukuma mbele, miguu yake ndiyo ya kwanza kukutana na nyoka.

Akionekana nyoka, rudini nyuma mita tano au zaidi na mmwache aende. Kumpiga kunamlazimisha apigane, na watu wengi huumwa wakijaribu kumuua au kumshika. Asipoondoka, mmoja abaki akimtazama kwa mbali na mwingine atoe taarifa kwa uongozi wa kijiji ili atafutwe mtu mwenye ujuzi.

Msichome rundo moto. Moto hauwafikii walio mashimoni, unawatoa wengine kwa ghafla kila upande, na karibu na paa la nyasi ni hatari kuliko nyoka mwenyewe. Mafuta ya taa, vitunguu saumu na moshi wa tairi pia havifai kutegemewa kama kinga.

Kichanja

Kuni zirudishwe mahali pengine, juu ya kichanja kilicho mita tano au zaidi kutoka ukuta wowote. Chimbieni nguzo nne zenye panda, zilazwe fito imara, na sehemu ya kulazia kuni iwe kama nusu mita juu ya ardhi, ili mtu aweze kufagia na kuona upande wa pili. Pangeni kuni zikielekea upande mmoja, kwa upana wa urefu wa kuni moja tu. Mkipanga safu mbili zilizobanana, mnarudisha ule mwanya wa giza katikati. Kuni mpya ziwekwe mwisho mmoja na za zamani zichukuliwe mwisho mwingine, mpaka chini, ili isiwepo safu isiyoguswa.

Kuni za kupikia jioni ziletwe jikoni kabla ya saa kumi na mbili. Utaratibu huu mdogo una uzito mkubwa, kwa kuwa anayetumwa kuchukua kuni gizani mara nyingi ni mtoto, na anazishika kwa kupapasa.

Jalala na matofali

Mabaki ya chakula yaingie kwenye shimo la kina cha mita moja, mbali na nyumba na mbali na kisima, na kila jioni yafunikwe kwa udongo. Majivu peke yake hayawazuii panya kufukua. Mtama na mahindi yaliyopurwa yahifadhiwe kwenye vyombo vyenye mifuniko inayobana, na pale yalipopurwa pafagiliwe siku hiyo. Mayai yaokotwe kila jioni.

Matofali na mabati chakavu husahaulika kwa sababu hayaozi wala hayanuki. Yanayohitajika yapangwe juu ya mawe au fito kama kuni. Yasiyohitajika yauzwe au yaondolewe. Makopo na matairi yasiachwe yakashika maji, maana humo mbu huzaliana.

Kazi hii hairudiwi mara moja kwa mwaka tu. Baada ya mavuno panya wa mashambani hukosa chakula na maficho na huja kwenye nyumba, kwa hiyo ua usafishwe tena wiki ambayo mashamba yanamalizika kuvunwa. Na hata ua safi haumzuii nyoka anayepita njia. Lala ndani ya chandarua kilichochomekwa vizuri chini ya godoro au mkeka, hasa anayelala chini, na usitoke usiku bila viatu na tochi.

Mtu akiumwa au akitemewa

Sumu ya swila ikiingia machoni, osha papo hapo kwa maji mengi safi yanayotiririka kwa dakika 15 hadi 20, bila kusugua, kisha nenda kituo cha afya.

Mtu akiumwa, mwondoe pale nyoka alipo, mvue pete, bangili na viatu kabla kiungo hakijavimba, na ukifunge kiungo kwenye ubao au fimbo kisitikisike. Usichanje, usinyonye, usifunge kamba ya kukaza, usiweke jiwe la nyoka. Asitembee; abebwe, au akae katikati ya watu wawili kwenye pikipiki. Apelekwe hospitali mara moja hata kama hana maumivu makali, kwa sababu madhara mengine huchukua saa kadhaa kujitokeza na dawa inayopambana na sumu iliyoenea mwilini hutolewa na wahudumu wa afya. Usipoteze muda kumfukuza nyoka. Eleza tu rangi na umbo lake. Ulizeni leo, kabla hajaumwa mtu, ni hospitali gani ya karibu inayoweka dawa hiyo, na andikeni jina lake mahali ambapo kila mtu wa nyumbani ataliona.