Blenda Ikinuka Kuungua, Brashi Ndiyo Shahidi

Nauza juisi na siagi ya njugu karanga hapa Landless, Thika. Blenda huwaka vizuri, lakini nikiitia njugu inapunguza kasi na kunuka kuungua. Jirani anasema ni brashi tu. Nizibadilishe?

Usinunue kwanza. Mota ya blenda ikizunguka kwa kasi huzalisha umeme wake wa ndani unaopingana na ule wa ukutani, na upinzani huo ndio unaozuia stima isiingie kwa wingi. Mzigo ukiipunguza kasi, upinzani unapungua na stima inayoingia inaongezeka. Joto la waya nalo hupanda haraka kuliko stima yenyewe: stima ikiwa mara 2, joto linakuwa mara 4. Kumbuka pia kwamba feni ya kupoza mota imefungwa kwenye shafti hiyohiyo, kwa hiyo hewa inapungua wakati inapohitajika zaidi. Ndiyo maana kunuka na kulegea huja pamoja.

Sasa tazama brashi iliyoisha. Inagusa komyuteta kwa shida, njia ya stima inakuwa nyembamba, na stima inayopita hupungua. Mota ya namna hiyo huwa dhaifu, hutoa cheche nyingi, huzimika na kuwaka ukiigonga. Joto lake kubwa liko pale brashi inapogusa, wala si ndani ya koili. Kwa hiyo blenda inayonuka vanishi ya koili huku ikilegea inakuelekeza kwenye moja ya mambo mawili: ama inasukuma mzigo mzito kupita uwezo wake, ama koili zenyewe zimeanza kushikana.

Nitajuaje ni mzigo au ni koili?

Toa jagi, uwashe mota tupu kwa sekunde chache. Ikipiga mlio mkali wa kawaida bila harufu mpya, shuku jagi kabla ya mota. Chomoa plagi, kisha zungusha visu kwa kidole. Vinatakiwa viende laini. Kwa anayesaga njugu, mafuta na unga hupenya kwenye mpira wa kuzuia maji, vikafika kwenye bushi ya visu na kuganda humo, na bushi ngumu ni mzigo hata jagi likiwa tupu. Tazama pia ile gia ya mpira inayounganisha jagi na mota, kwa sababu ikiteleza hunuka mpira na visu hulegea huku mota ikikimbia. Harufu ya vanishi ni kali zaidi, hutoka kwenye matundu ya hewa na hubaki hata baada ya kuchomoa. Mota tupu ikinuka hivyo ndani ya sekunde chache, jagi halina hatia.

Lakini wengi wamebadilisha brashi na blenda zikapona. Wamekosea?

Hawakukosea kila mara. Brashi ikiwa fupi kweli, au springi yake imelegea kwa joto, kuibadilisha ni tiba kamili. Tatizo ni kwamba ukarabati huo huleta mambo mengine kimyakimya: mota imepumzika na kupoa, fundi amepuliza vumbi la kaboni, kisha akaijaribu bila njugu. Kwa dakika hizo hata mota yenye koili mbovu hufanya kazi. Jaribio la haki ni kuirudisha kwenye kazi iliyoishinda, kipimo kilekile cha njugu. Ikinuka tena, brashi mpya zimethibitisha kwamba tatizo liko ndani zaidi.

Hata hivyo zifungue, kwa sababu ni shahidi mzuri. Uso wa brashi nzima huwa laini, wenye mng'ao, na umejipinda kufuata duara la komyuteta. Zilizobaki milimita 5 hivi zinatakiwa kubadilishwa, zote mbili pamoja. Zikiwa bado ndefu lakini kingo zimemeguka na kuungua, tatizo limetoka kwenye kile zinachogusa. Komyuteta yenye afya ina rangi ya kahawia sawasawa, na utando huo usiung'oe kwa msasa. Ukiona kipande kimoja au viwili vya shaba vimeungua vyeusi na vingine ni safi, koili inayoishia hapo imekatika au imeshikana. Cheche nazo zina lugha yake: ndogo za samawati chini ya brashi ni kawaida, ila duara la moto linaloizunguka komyuteta ni dalili mbaya ya amecha.

Mita ya kawaida inaweza kuthibitisha?

Inaweza, kwa kiasi. Chomoa plagi, toa brashi, weka mita kwenye omu 200. Gusanisha ncha zake kwanza, uone inasoma ngapi, na utoe kiasi hicho kwenye kila kipimo. Kisha pima vipande viwili vya komyuteta vilivyo jirani, songa kipande kimoja, upime tena hadi umalize duara. Tuchukue amecha ya vipande 24: jozi nyingi zikisoma karibu omu 2.9 na moja ikasoma 1.1, hapo kuna mizunguko ya waya iliyoshikana. Jozi ikisoma juu sana kuliko wenzake, waya umekatika, na mara nyingi ni pale unapofungwa kwenye kipande cha shaba. Koili mbili za nje zisizozunguka zipime kila moja peke yake. Zinatakiwa zikaribiane, na iliyopungua waziwazi ndiyo iliyoungua. Mwisho, pima kati ya komyuteta na shafti kwa kiwango cha juu kabisa cha mita. Mita ikionyesha stima inapita, usiitumie mashine hiyo, kwani chuma chake kinaweza kukurusha.

Mipaka ya mita isikupotoshe. Mzunguko 1 ukishikana katika koili ya mizunguko 40, usomaji hubadilika kwa takriban asilimia 2.5, na mita ya bei nafuu haiuoni, ilhali mzunguko huo mmoja unatosha kuchemka na kuchoma majirani zake. Vipimo vikiwa sawa na mota tupu bado inanuka, amini pua. Fundi wa kusuka mota ana kifaa cha sumaku: huilaza amecha juu yake, hupitisha kipande cha msumeno wa chuma, na kipande hicho hutetemeka juu ya mfereji wenye koili mbovu.

Jioni stima ya hapa hupungua. Haiwezi kuwa ndiyo sababu?

Inaweza kuchangia. Volti zikishuka chini ya 240, mota inazunguka polepole na feni inapuliza kidogo, lakini siagi nzito inadai nguvu ileile. Linganisha saa 4 asubuhi na saa 2 usiku kwa kipimo kilekile cha njugu. Harufu ikija usiku tu, punguza njugu nusu. Ikija nyakati zote, stima haihusiki.

Amecha ikiwa imekufa, isukwe upya?

Koili za nje husukika vizuri. Amecha ndogo ya blenda ya nyumbani ina waya mwembamba kama unywele na lazima isawazishwe baada ya kusukwa, kwa hiyo ulizia amecha nzima ya modeli hiyohiyo kabla ya kulipia kusuka. Kabla ya kuifunga, soma kibati chini ya mashine. Palipoandikwa KB 1 min, mota imetengenezwa kukimbia dakika 1 kisha ipumzishwe. Siagi ya njugu huchukua zaidi ya hapo, na kwa biashara ya kila siku amecha mpya katika mashine hiyo itaungua kama ya kwanza, isipokuwa usage kwa mafungu madogo na kuiacha ipoe kila baada ya fungu.