Dondoo muhimu: Kupima programu bila mpimaji

Tuseme mko watengenezaji watatu, mnaandika programu ya kupokelea korosho kwenye AMCOS za Masasi na Newala. Msijaribu kupima kila kitu. Anzeni pale kosa linapomgusa mkulima mfukoni.

Hesabu ya malipo iwe na majaribio ya kujiendesha, yenye majibu mliyokokotoa kwa mkono. Mfano: kilo 412.5, bei shilingi 3,000, makato shilingi 100 kwa kilo. Mkulima apate 1,196,250. Jaribio likifeli, toleo halitoki.

Hatari kubwa zaidi, kwa maoni yangu, ni mtandao. Karani akibonyeza “Tuma” na mtandao ukakatika kabla jibu halijarudi, atabonyeza tena, na mzigo mmoja utaandikwa mara mbili. Kwa hiyo kila mzigo upewe namba yake ya pekee kwenye simu kabla ya kutumwa. Kisha jaribio litume namba hiyo hiyo mara mbili na kuhakikisha hifadhidata ina rekodi moja tu.

Skrini zipimwe kwa mkono, kwenye simu ya bei nafuu, na mwenzenu ambaye hakuziandika. Hitilafu yoyote ikiripotiwa kutoka ghalani, iandikieni jaribio kwanza, ndipo mrekebishe.