Ndoo ngapi za asali zimevuka asilimia 20?

Kwenye tesiti ya takwimu mwaka jana nilipoteza alama nne kwa swali ambalo nilikuwa nalijua. Z niliipata sawasawa, jedwali nililisoma sawasawa, kisha nikaandika kwa kujiamini kwamba asilimia 89 ya ndoo za asali hazifai kuuzwa. Mfugaji nyuki yeyote wa Inyonga angenicheka. Kwa hiyo turudi kwenye swali lenyewe, maana sisi tunaosoma huku Katavi asali tunaiona kila siku.

Kiwango cha kimataifa cha Codex kinataka maji ndani ya asali yasizidi asilimia 20. Yakizidi, hamira za asili zilizomo humo zinapata nafasi ya kufanya kazi na asali inachacha. Maji yanapimwa kwa refraktomita: unaweka tone moja kwenye kioo, unachungulia kwenye mwanga, unasoma namba. Sasa chukulia (namba hizi ni za zoezi tu) kikundi kimekusanya ndoo 400, wastani wa maji ni asilimia 18.5 na mkengeuko sanifu ni 1.2. Wastani uko chini ya 20, kwa hiyo mtu wa haraka atasema mzigo wote uko salama. Lakini wastani hauchachi. Kinachochacha ni ndoo moja moja.

Tunataka sehemu ya ndoo zilizo juu ya 20. Alama z inauliza jambo moja tu: 20 iko mbali na wastani kwa mikengeuko mingapi?

z = (20 − 18.5) / 1.2 = 1.25

Kabla hujagusa jedwali, chora kengele. Weka 18.5 katikati, 20 upande wa kulia, halafu tia kivuli eneo unaloulizwa. Kivuli kinaangukia mkia wa kulia, ni kidogo, hakifiki hata nusu. Ningechora hivyo, ile 89 yangu ingejifichua palepale.

Jedwali letu linasema 0.8944 kwenye 1.25. Hilo ni eneo lote la kushoto, yaani ndoo zilizo chini ya 20. Za juu ni 1 − 0.8944 = 0.1056, na ukizidisha kwa 400 unapata kama ndoo 42.

Hapa kuna mtego mwingine. Majedwali hayafanani. Lingine linapima kuanzia katikati na litakupa 0.3944, hivyo unatoa kwenye 0.5. Lingine linakupa mkia moja kwa moja, 0.1056. Ukipewa jedwali usilolizoea, angalia kwanza z = 1.00. Ukikuta 0.8413 ni la kushoto, 0.3413 ni la kuanzia katikati, 0.1587 ni la mkia. Nusu dakika tu, na sapu unaikwepa.

Wakiuliza ndoo zilizo chini ya 17, z inakuwa −1.25. Usihangaike kutafuta hasi kwenye jedwali. Kengele ina pande mbili zinazolingana, kwa hiyo mkia wa kushoto nao ni 0.1056.

Ila kuna jambo ambalo swali la mtihani halikuambii. Z inakokotoleka kwa data yoyote ile, hata isiyo na umbo la kengele, ila jedwali halitakuonya. Tuseme kati ya zile ndoo 400, 300 zilivunwa kiangazi, masega yakiwa yamefungwa vizuri kwa nta, na wastani wake ni 18.0. Zilizobaki 100 zilivunwa mvua zikianza, watu wakikata hata masega ambayo nyuki hawajayafunga, na wastani wake ni 20.0. Kila fungu lina mkengeuko wa 0.83. Ukiyachanganya, kikokotoo kitakupa wastani uleule wa 18.5 na mkengeuko uleule wa 1.2. Lakini histogramu itaonyesha mlima wa kiangazi, na upande wake wa kulia bega la pili linaloburuta hadi kupita 20. Ukiona hivyo, tenganisha kwanza.

Fungu la kiangazi: z = (20 − 18.0) / 0.83 = 2.41, mkia ni 0.0080, sawa na ndoo 2 kati ya 300. Fungu la mvua halihitaji hata jedwali: 20 ndiyo wastani wake, kwa hiyo nusu, ndoo 50, ziko juu. Jumla 52, siyo 42. Zile ndoo kumi za tofauti zingepita kwenye karatasi kama asali nzuri, halafu zikaanza kutoa povu ghalani.