Dondoo muhimu: Kusahihisha insha kwa sauti

Mwalimu aliyekabiliwa na insha 60 na aandike alama za kila kigezo katika jedwali kwa kalamu, kisha sababu zake azirekodi katika simu kwa muda usiozidi dakika mbili kwa kila mwanafunzi. Kwani kwa dakika moja mtu husema kwa utulivu maneno yapatayo 100, ambayo kuyaandika kwa mkono kungemchukua muda maradufu na zaidi. Kwanza azitie aya nambari pambizoni, na achague vigezo viwili tu vya kuzungumzia, kwa mfano: “Salma, katika mtiririko umepata 3 kati ya 5. Tazama aya ya 2: umedai kuwa bei ya samaki imepanda, lakini sababu umeichelewesha hadi aya ya 4. Ihamishe, kisha usome tena.” Ulimi ukikwama, aendelee; kurekodi upya ndiko kunakoula wakati wote uliookolewa.

Sauti hufaa zaidi penye hoja na mpangilio, ambapo lahani ya msemaji hubainisha lipi ni kosa zito na lipi ni nasaha tu. Tahajia na hesabu ziandikwe, maana sikio haliwezi kurejea neno moja upesi kama jicho. Na asiyesikia vyema, au asiye na simu, aandikiwe yote.

Baada ya kusikiliza, kila mwanafunzi aandike sentensi moja ya atakalobadilisha. Akiandika alama yake tu, maelezo yalikuwa marefu mno.