Jinsi ya Kuitambua Kofia ya Viua Pichani

Umetumiwa picha ya sikukuu ya Idi kutoka Kondoa, au umeikuta ya babu sandukuni, na unataka kujua aliyemo amevaa kofia gani. Usianze na rangi. Anza na umbo.

Tazama ukingo wa juu. Baraghashia hushonwa kwa vipande viwili: duara bapa la juu, na mshadhari, ule ukanda unaozunguka kichwa. Vinapoungana huacha kona iliyo wazi. Kofia ya kufuma haina kona hiyo, huufuata mviringo wa kichwa. Tarbushi ni ya kitambaa kigumu kisicho na nakshi, hupungua kuelekea juu na mara nyingi ina kishada.

Kuza picha kwenye mshadhari. Tafuta viua, yaani vile vitundu vya nakshi. Fundi wa mkono hutoboa kitambaa, kisha huzungushia uzi kila tundu lisichanike. Pichani utaona nukta nyeusi iliyozungukwa na uzi. Kazi ya mkono hailingani sawasawa: kiua hiki kikubwa kidogo, kile kimepanda juu kidogo. Kazi ya mashine hufanana mno, na mara nyingi hakuna tundu, ni darizi tupu.

Omba picha ya ndani. Picha ya mbele peke yake hudanganya, hasa ikiwa imepigwa kwa flashi au imefifia. Kiua cha mkono huonekana tundu pande zote mbili. Ukikuta bitana nzima isiyotobolewa, viua vya nje ni pambo tu.

Kisha soma mavazi. Chukua picha ya mzee mwenye kanzu nyeupe, koti juu yake, na kofia nyeupe yenye kona na viua visivyolingana. Hiyo ni kofia ya viua ya mkono. Kushona moja huchukua wiki kadhaa, hata miezi, kwa hiyo wengi huitunza kwa swala ya Ijumaa, Idi, Maulidi na ndoa. Mwenye shati la kazi na kofia ya kufuma huenda yuko kwenye shughuli zake za kila siku. Lakini usikate shauri kwa kofia peke yake: tafuta msikiti, mkeka wa nikahi au meza ya karamu nyuma yake.

Picha ya zamani ikiwa na tarbushi, angalia sare. Askari wa jeshi la Wajerumani wa kabla ya 1918 na wale wa KAR, jeshi la Waingereza, waliivaa kazini. Ukiona vifungo vya jeshi, mshipi au bunduki, iandike kuwa ya kijeshi.

Usiandike dini kwa kuona kofia. Nyerere alikuwa Mkatoliki, na zipo picha zake nyingi akiwa na baraghashia. Kwenye maelezo andika aina, ushonaji na mavazi yaliyoandamana nayo. Dini iandike pale tu mwenye picha anapokuthibitishia.